Kabla hujaagiza bawaba, isome kwenye picha

Mlango wa kabati ukilegea siku hizi, wengi wetu hatuubebi kwenda nao dukani. Tunaupiga picha kwa simu, tunamtumia muuza vifaa, tunalipa, na kifurushi kinapandishwa basi. Kwa familia iliyoko Rulenge, Kabanga au Nyakahura, utaratibu huu unaokoa safari ya kwenda Ngara mjini, Biharamulo au hata Kahama. Taabu inaanza pale kifurushi kinapofunguliwa na bawaba zilizomo hazifanani na zilizovunjika. Nauli ya mzigo imekwenda, fundi ameshafika na anataka chake, na mlango bado umeegemezwa ukutani.

Mara nyingi muuzaji hana kosa. Ametuma kile alichokiona, na picha aliyopewa haikumwonyesha bawaba yenyewe. Basi leo, msomaji, tujifunze kuisoma picha ya mlango kama fundi anavyoisoma.

Swali la kwanza: mlango ukifungwa, unaona nini?

Anza na picha ya mlango uliofungwa. Tazama ule upande ambao hauna kitasa. Utaona moja kati ya mambo matatu.

La kwanza ni vifundo tu. Unaona kijiti cha chuma kilichosimama wima kati ya mlango na mwimo, kimegawanyika vipande vitatu au vitano kama vidole vilivyopishana. Mabamba yake mawili huyaoni, kwa sababu yamebanwa kati ya ubavu wa mlango na mwimo. Hiyo ni bawaba ya kawaida ya milango ya mbao, ile inayouzwa kwa inchi. Milango mingi ya vyumba huchukua ya inchi 4, na mlango mzito hufungwa bawaba tatu badala ya mbili.

La pili ni ulimi mrefu wa chuma uliolala juu ya uso wa mlango, wenye skrubu au bolti zilizopangwa mstari mmoja. Hiyo ni bawaba ya ulimi. Mara nyingi upande wa mwimo ni mfupi na umesimama, ndiyo maana wengine huiita bawaba ya T. Utaikuta kwenye milango ya mbao zilizopangwa: stoo, choo cha nje, banda la mbuzi, geti la uani. Ulimi huo unazishika mbao kadhaa kwa pamoja, hivyo uzito wa mlango haubaki kwenye ubao mmoja wa pembeni.

La tatu ni kutoona chochote. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu mlango usioonyesha bawaba unaweza kuwa na bawaba ya kufichwa, kama ile ya makabati ya jikoni, au ukawa unazunguka kwenye mhimili. Picha ya mlango uliofungwa haiwezi kuamua. Ufungue, upige picha nyingine.

Kwa milango ya chuma, tazama kama kuna skrubu. Ukiona vipande viwili vya bomba dogo, kimoja kimekaa juu ya kingine, na hakuna skrubu popote, hiyo ni bawaba ya kuchomelea. Kwa hiyo mwite fundi wa kuchomelea, maana ya kufunga kwa skrubu haitakusaidia.

Swali la pili: ukifunguka, mlango umeshikwa wapi?

Kwenye bawaba ya kufichwa, upande wa ndani wa mlango utaona kikombe cha chuma kilichozamishwa ndani ya ubao, na mkono unaotoka humo kwenda kwenye ubavu wa kabati. Kikombe hicho kwa kawaida kina upana wa milimita 35. Shimo lake lina kina cha milimita 11 hadi 13, ndiyo maana bawaba hii haifai kwa mlango mwembamba: keekee itatokeza upande wa pili.

Mlango wa mhimili hauna kitu ubavuni hata ukiwa wazi. Umeshikwa juu na chini tu, kwa ncha inayozunguka ndani ya tundu. Ukiangalia vizuri picha ya mlango huo ukiwa wazi, sehemu ndogo ya mlango imebaki upande wa pili wa mahali unapozungukia. Milango ya vioo ya baadhi ya maduka na benki iko hivyo: utaona vipande vya chuma kwenye kona ya juu na ya chini. Na si jambo geni kwetu. Milango mikubwa ya kuchongwa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar huzunguka kwenye ncha za namna hiyo, moja imeingia juu na nyingine imeingia kwenye kizingiti, bila bawaba ubavuni.

Kabati la milango mitatu

Tuchukue mfano. Mama mmoja yuko Rulenge, ana kabati la vyombo la mbao za unga wa kiwandani, lenye milango mitatu iliyopangwa sambamba. Mlango wa kati umechomoka. Anapiga picha ya kabati likiwa limefungwa, anaituma. Muuzaji haoni bawaba, anajua ni za kufichwa, anatuma mbili. Hadi hapo amepatia aina. Fundi anazifunga, mlango unakaa, lakini unagongana na wa jirani na haufungi.

Kosa liko wapi? Liko kwenye mkono wa bawaba. Bawaba za kikombe zina mikono ya namna tatu. Wenye mkono ulionyooka huufanya mlango ufunike karibu unene wote wa ubavu wa kabati. Wenye mkono uliopinda kidogo huufanya ufunike nusu. Wenye mkono uliopinda sana ni wa mlango unaoingia ndani ya kabati na kulingana na kingo zake.

Sasa irudie picha ya mama yule. Mlango wa kushoto umeshikwa kwenye ubavu wa nje wa kabati, ambao ni wake peke yake. Wa kulia vilevile. Lakini mlango wa kati umeshikwa kwenye ubao wa katikati, na ukingo wa mlango wa kushoto unaishia juu ya ubao huohuo. Ubao huo una unene wa milimita 18. Ukifunga bawaba ya mkono ulionyooka, mlango wa kati utataka kufunika kama milimita 16, na jirani yake anahitaji kama milimita 8. Hiyo ni 24 juu ya ubao wa 18, na haiwezekani. Mlango wa kati unataka mkono uliopinda kidogo, ili kila mmoja achukue kama 8 na ibaki nafasi ndogo katikati.

Kwa hiyo kabati hilo moja lina bawaba sita za aina moja kwa jina, lakini nne zina mkono ulionyooka na mbili zina mkono uliopinda. Jambo hili lilikuwa ndani ya picha tangu mwanzo. Ukiona milango miwili inagawana ubao mmoja, na mmoja wao umeshikwa kwenye ubao huo, uliza mkono uliopinda kidogo.

Kabla fundi hajafunga, aangalie pia matundu ya zamani. Mbao za unga zikishaingia maji huvimba na kumeguka, na skrubu mpya kwenye tundu lililopanuka itang'oka tena. Mlango unaong'oka unaweza kumwangukia mtoto anayefungua kabati la chini. Tundu kama hilo lizibwe kwa kipande cha mti mgumu na gundi ya mbao, likauke, kisha litobolewe upya.

Picha haina vipimo

Aina ya bawaba utaijua kwa macho, lakini ukubwa hutaujua. Bawaba ya inchi 3 na ya inchi 4 zinafanana kabisa kwenye skrini. Chukua rula ya mwanafunzi, ilaze juu ya bawaba yenyewe, si mbele yake wala nyuma yake, kisha simama nayo sambamba ndipo upige. Rula ikiwa karibu zaidi na simu kuliko bawaba, kipimo kitadanganya. Kwa bawaba ya kikombe, pima pia umbali kati ya matundu mawili ya skrubu yaliyo pembeni mwa kikombe. Yapo ya milimita 45 na yapo ya 48, na tofauti hiyo ya milimita 3 inatosha kumlazimisha fundi atoboe upya.

Rangi nayo hudanganya. Mlango uliopakwa rangi mara nyingi huficha skrubu na mistari ya vifundo. Kwangua kidogo kwa kisu kabla ya kupiga picha.

Jambo moja la usalama

Ukishazoea kuangalia vifundo, geukia mlango wako wa nje. Mlango wenye bawaba ya kawaida hufunguka kuelekea upande ambao vifundo vinaonekana. Ukisimama nje na kuviona, pini yake iko mikononi mwa mpita njia, na kama inatoka, mlango unaweza kung'olewa bila kugusa kitasa. Dawa yake ni rahisi. Fundi apigilie msumari mnene kwenye ubavu wa mlango, upande wa bawaba, aukate kichwa na kuacha kama sentimita moja nje, kisha atoboe tundu la kuupokea kwenye mwimo. Mlango ukifungwa, msumari unaingia, na hata pini ikitolewa mlango hautoki. Kwa bawaba ya ulimi, badala ya skrubu tumia bolti zenye kichwa cha mviringo zinazopenya hadi ndani, nati ikae upande wa ndani.

Ukiagiza, tuma picha tatu: mlango ukiwa umefungwa na unaonekana wote pamoja na jirani zake, mlango ukiwa wazi, na bawaba yenyewe kwa karibu ikiwa na rula. Kisha andika maneno machache: "Habari za kazi. Nahitaji bawaba mbili za kikombe cha milimita 35, mkono uliopinda kidogo, matundu milimita 48, ubao wa kabati milimita 18. Ukiwa huna za namna hii, usitume nyingine, nijulishe kwanza." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache.