Kadi Isifutwe Bado

Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko California, mtu mmoja alituma amri ya kufuta kwenye kompyuta zilizobeba filamu ya Toy Story 2, ikiwa bado inatengenezwa. Amri yenyewe ni fupi:

```
rm -rf *
```

Maana yake: futa kila kilichomo humu, pamoja na vilivyo ndani ya hivyo, wala usiniulize. Oren Jacob, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa ufundi wa filamu hiyo, amesimulia jinsi yeye na wenzake walivyokodolea kioo macho huku viungo vya mhusika Woody vikitoweka kimoja baada ya kingine. Hadi mashine inazimwa, takriban asilimia 90 ya kazi ilikuwa imekwenda. Mwanzoni hawakubabaika sana, kwa kuwa nakala rudufu zilikuwa kwenye kanda. Kanda zilipofunguliwa ikadhihirika kwamba nakala hizo zilikuwa na kasoro kwa muda mrefu, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Ilifungwa kwa mablanketi, ikapakiwa garini, ikaendeshwa taratibu hadi studio.

Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha bahati ya Susman. Kwangu mimi, jambo la kushika ni zile kanda. Studio yenye wahandisi waliobobea ilikuwa na mpango wa nakala rudufu, na ilikuwa ikiutekeleza. Kilichokosekana ni mtu wa kuzifungua kanda hizo siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Tuseme basi kwamba watu wawili wanapiga filamu ya makala kuhusu mafundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Chombo hujengwa kwa miezi, kwa hiyo nao watakwenda na kurudi mara nyingi. Wana kamera mbili. Kamera nyingi za bei ya wastani hurekodi picha za 4K kwa kasi ya megabiti 100 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 12.5 kila sekunde, ambazo kwa saa nzima ni gigabaiti 45. Kamera mbili zikirekodi saa mbili kila moja kwa siku, katika siku 30 za upigaji zitapatikana saa 120, yaani terabaiti 5.4. Nakala tatu zitahitaji zaidi ya terabaiti 16. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua tiketi ya boti, kwa sababu wengi hufuta kadi mapema si kwa uzembe bali kwa kukosa mahali pa kuhamishia.

Idadi hiyo ya nakala tatu ina mwenyewe. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni inayojulikana kama 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine kabisa. Kwa timu ndogo, hicho kipengele cha mwisho ndicho kigumu. Diski tatu zilizopangwa kwenye meza moja ni nakala moja tu machoni pa mwizi, na machoni pa moto pia.

Saa ya hatari zaidi ni jioni. Mmechoka, jua limewachoma, na kadi za kesho ni zizi hizi za leo. Kamera nyingi za Sony huanza kuhesabu kutoka C0001.MP4, na zikipangwa hivyo huanza upya kila kadi inapofomatiwa. Kwa hiyo kadi ya Jumatatu ina C0001 na ya Jumanne ina C0001 nyingine. Ukizimwaga zote kwenye folda moja, kompyuta itakuuliza kama ibadilishe faili la zamani kwa jipya, na kidole kilichochoka kitabonyeza ndiyo. Seremala aliyepigwa picha Jumatatu akipinda ubao wa kwanza ametoweka, na ubao huo haupindwi mara ya pili.

Dawa ni kuipa kila kadi folda yake, yenye tarehe, herufi ya kamera na namba ya kadi. Tarehe ianze na mwaka ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano:

```
NUNGWI/
  01_GHAFI/
    2025-03-14_A_03/
    2025-03-14_B_02/
  02_SAUTI/
  03_MRADI/
  04_MUZIKI_PICHA/
  05_ZILIZOTOLEWA/
```

Ndani ya folda ya kadi inakiliwa kadi nzima, pamoja na vile vijifolda vinavyoonekana havina kazi. Usichague video peke yake. Baadhi ya kamera hukata rekodi ndefu vipandevipande, na programu ya kuhariri huviunga kwa kusoma vifaili vidogo vilivyo pembeni. Ukiviacha, mahojiano ya dakika 40 yanaweza kukufikia yakiwa vipande visivyoungana vizuri, pengine sauti ikikatika kila kipande kinapoisha.

Kunakili kwa kukokota kwa kipanya hakuthibitishi kitu. Kompyuta inasoma, inaandika, inasema imemaliza, lakini hairudi kulinganisha ilichoandika na kilichokuwa kwenye kadi. Programu za kunakili zenye uhakiki hufanya hivyo: hupitisha kila faili kwenye hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na namba, kisha hufanya hesabu ileile kwenye nakala. Mfuatano huo huitwa jumla hakiki, na biti moja tu ikibadilika, unabadilika wote. Si lazima ununue programu mpya. DaVinci Resolve, hata toleo lake la bure, lina kifaa hicho katika ukurasa wa Media kwa jina la Clone Tool. Kwenye Windows wengi hutumia TeraCopy.

Baada ya hapo bado kuna kazi ya macho. Jumla hakiki inasema nakala ni sawa na kadi. Haisemi kadi yenyewe ilikuwa nzima. Fungua video chache kutoka kwenye diski, ziangalie mwanzoni, katikati na mwishoni. Faili lenye ukubwa wa sifuri, picha inayoganda palepale kila ukirudia, au vigae vya kijani katikati ya uso wa mtu ni ishara kwamba kadi ina ugonjwa. Kadi hiyo haifutwi, haitumiki tena, na hakuna kuiandikia chochote mpaka mtaalamu wa kurejesha data aione.

Kadi nyingine zinafutwa lini? Zikishakuwa na nakala mbili zilizohakikiwa kwenye diski mbili tofauti, na si dakika moja kabla. Zinafomatiwa ndani ya kamera, siyo kwenye kompyuta. Diski hizo mbili husafiri kwenye mifuko ya watu wawili, na afadhali ziwe za kampuni tofauti, maana diski pacha za toleo moja zinaweza kuwa na kasoro moja. Chomoa diski kwa utaratibu, hasa kama imefomatiwa kwa exFAT, mfumo ambao wengi huuchagua kwa kuwa unasomeka kwenye Windows na Mac. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, mfumo huo huvurugika kirahisi. Laptopu ina betri yake, lakini diski kubwa ya mezani haina, iwekee UPS.

Mpaka hapa tumelinda kilichopigwa. Kuna kitu kingine, kidogo kwa ukubwa, kinachobeba miezi ya kazi: faili la mradi. Humo hamna video hata moja. Mna orodha ya mikato, rangi, viwango vya sauti na anwani za mahali video zilipo. Ndiyo maana ukibadilisha jina la folda katikati ya kuhariri, kioo kinajaa wekundu na maneno Media Offline. Video zipo, anwani ndiyo imepotea. Mara nyingi kuielekeza upya programu kunatosha.

Wanaotumia Adobe Premiere wana faili la .prproj wanaloliona kwa macho. Kwenye Resolve mambo ni tofauti, na hapa wengi hunaswa: mradi hukaa ndani ya hifadhidata ya programu, kwa kawaida kwenye laptopu yenyewe. Unaweza kuwa na diski tatu zenye picha zote za Nungwi, laptopu ikaibwa kwenye daladala, na uhariri wa miezi mitano ukaondoka nayo. Kila jioni toa mradi kama faili la .drp, ulipe jina lenye tarehe, na usilifunike la jana. Faili lililoharibika bila kujionyesha likifunika zima, nakala yako itakuwa nakala ya uharibifu.

Mafaili haya madogo ndiyo ya kupeleka kwenye wingu. Picha ghafi ni habari nyingine. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti moja huchukua zaidi ya siku 9 bila kupumzika, na filamu yetu nzima karibu siku 50. Kwa hizo, nakala ya tatu iwe diski iliyokaa kwa ndugu mtaa mwingine. Tena, folda inayojilinganisha yenyewe na wingu haihesabiki peke yake kuwa nakala rudufu: ukifuta huku, na kule kinafutwa, ingawa huduma nyingi hukupa muda wa kukitoa kwenye pipa la taka. Diski mbili zilizounganishwa zioneshane kama kioo nazo ni hivyohivyo. Zinakinga diski kufa. Amri kama ile ya Pixar zingeitii zote mbili kwa pamoja.

Filamu ikikamilika, usibaki na faili la YouTube pekee. Toa nakala kuu ya ubora wa juu, kwa mfano ProRes 422 HQ, ambayo kwa picha za 1080 na fremu 25 huchukua gigabaiti 83 hivi kwa saa. Toa nyingine isiyo na maandishi juu ya picha, na sauti zikiwa mbalimbali: maneno peke yake, muziki peke yake, sauti za mazingira peke yake. Kituo kikitaka toleo la Kifaransa miaka miwili baadaye, hutalazimika kufufua mradi mzima. Majina yawe na tarehe na namba ya toleo. Kila mhariri amewahi kukutana na faili liitwalo mwisho_kabisa_2.

Mara moja kwa mwezi azima kompyuta nyingine, chomeka diski ya akiba peke yake, fungua mradi na ucheze dakika kumi za katikati. Hapo ndipo utagundua muziki uliokuwa kwenye folda ya vipakuliwa, au fonti iliyo kwenye mashine yako tu. Vyote viingie 04_MUZIKI_PICHA siku hiyohiyo. Mafaili ya muda ambayo programu hujitengenezea ili icheze haraka huhitaji kuyabeba, kwani huzaliwa upya.

Kwenye mzizi wa kila diski weka faili la maandishi ya kawaida, lisomeke bila programu maalumu:

```
SOMA_KWANZA.txt
Filamu: NUNGWI
Programu: DaVinci Resolve 19
Mradi wa karibuni: 03_MRADI/2025-09-02.drp
Diski hii: B, kati ya A, B, C
Imejaribiwa kufunguliwa: 2025-09-05
```

Mstari wa programu una sababu yake. Resolve mpya kwa kawaida hufungua mradi uliotoka toleo la nyuma, lakini ya zamani haifungui uliohifadhiwa na toleo jipya. Na ule wa mwisho, wa tarehe ya kujaribiwa, ukionyesha miezi mitatu iliyopita, chomeka diski hiyo leo.