Kadi za Kujipima: Kurudia Vita vya Maji Maji bila Kukariri tu

Kadi ya kujipima ni kipande cha karatasi ngumu chenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Mwanafunzi husoma swali, hulitafuta jibu kichwani, kisha hugeuza kadi aone kama amepata. Faida yote imo katika ule muda mfupi kabla ya kugeuza, akili inapohangaika kulivuta jibu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisoma kifungu, kisha baadhi wakakisoma tena na wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa dakika 5 baadaye, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Hata hivyo, kadi humkumbusha mtu kile tu ilichomuuliza. Kadi inayouliza mwaka peke yake hujenga kumbukumbu ya mwaka peke yake, na ndiyo maana mwanafunzi anaweza kutaja tarehe 30 bila kukosea, halafu akakwama mbele ya swali la insha linaloanza na "kwa nini". Kosa hilo hutokea siku kadi zinapoandikwa, si siku ya mtihani.

Mada ya Vita vya Maji Maji, ambayo karibu kila mwanafunzi wa historia Tanzania huikuta, inaonyesha jambo hili vizuri. Kadi ya kwanza ambayo wengi huandika huwa na neno "Maji Maji" mbele, na nyuma yake imebanwa miaka 1905 hadi 1907, jina la Kinjeketile, sababu tano na athari tano kwa herufi ndogo. Kadi ya namna hiyo ni notisi zilizokatwa kwa mkasi. Haiulizi kitu, na anayeigeuza hawezi kusema kama amepatia au amekosa, kwa sababu siku zote atakuwa amepatia nusu.

Kadi nzuri huanza kuandikwa baada ya kusoma, daftari likiwa limefungwa. Mwanafunzi husoma sehemu moja ya mada, hufunga daftari, hujieleza kwa maneno yake kilichotokea, na hapo tu ndipo huchukua karatasi. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa hutoa kadi nane zinazoenea kiganjani. Manila hudumu zaidi, lakini hata jalada la daftari la zamani linatosha. Kila kadi ibebe swali moja, na jibu lisizidi mistari miwili au mitatu. Jibu likihitaji zaidi ya hapo, maana yake maswali mawili yamejificha ndani ya moja.

Kwa upande wa tarehe, kazi ya kwanza ni kukataa nyingi. Katika Maji Maji, tarehe zinazoshikilia hadithi nzima hazifiki kumi. Mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilianzisha mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba, ambayo wanavijiji walilazimishwa kuyalima. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, na siku hiyo bado huadhimishwa mjini humo kila mwaka. Mwaka 1907 vita vilimalizika.

Sasa itazamwe tarehe ya Kinjeketile. Kadi dhaifu ingeuliza, "Kinjeketile alinyongwa lini?" Kadi yenye kazi inaweza kusema hivi: "Kinjeketile alinyongwa siku chache tu baada ya vita kuanza. Lini, na kwa nini vita havikuishia hapo?" Nyuma yake: "4 Agosti 1905. Dawa ya maji ilikuwa imeshasambazwa na wajumbe walioitwa mahongo, na kila eneo lilipigana chini ya viongozi wake." Tarehe imo humo humo, lakini haiwezi kutajwa bila kugusa sura ya vita vyenyewe: havikuwa na jemadari mmoja ambaye kifo chake kingevizima. Mwanafunzi aliyeijibu kadi hii mara kadhaa ana aya nzima ya insha tayari.

Njia nyingine ya kuipa tarehe uzito ni kuiuliza kwa kuilinganisha na nyingine. "Ngome ya Mkwawa ya Kalenga ilianguka miaka mingapi kabla ya Maji Maji?" Kalenga ilianguka Oktoba 1894, basi jibu ni karibu miaka 11, Mkwawa mwenyewe alikufa 1898. Kadi inayofuata inaweza kuuliza kwa nini Wahehe, waliokuwa wamewasumbua Wajerumani kuliko wengi, hawakujiunga na Maji Maji. Ukaribu wa miaka hiyo ni sehemu ya jibu: walikuwa wametoka kushindwa vibaya katika vita vyao wenyewe. Mwanafunzi aliyekariri miaka hiyo mbalimbali, kila mmoja kwenye mada yake, huwa hana njia ya kuliona jambo hilo.

Istilahi zina mtego wake. Fasili iliyonakiliwa kitabuni hukaririwa upesi na kusahaulika upesi zaidi. Chukua neno "akida". Kuandika nyuma ya kadi kwamba ni ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa juu ya majumbe ni sahihi, lakini hakusemi alifanya nini kwa nani. Swali bora ni hili: "Kwa nini mwanakijiji wa Umatumbi alimchukia akida kuliko gavana aliyekaa Dar es Salaam?" Jibu: akida ndiye aliyefika kijijini kudai kodi na kusimamia kazi za lazima, na mara nyingi alitoka pwani, hakuwa mtu wa ukoo wala wa eneo hilo. Anayeweza kujibu hivyo anaijua fasili pia, hata kama hakuiandika. Kinyume chake si kweli.

Kwa watu mashuhuri, kadi ya "Nani alikuwa...?" ina nafasi yake siku ya kwanza tu. Baada ya hapo mtu aulizwe kupitia uamuzi wake au nafasi yake katika mkondo wa mambo: von Götzen alitaka nini kutokana na pamba, Songea Mbano alikuwa nani miongoni mwa Wangoni na kwa nini mji ukabeba jina lake. Kinjeketile anahitaji tahadhari ya ziada. Wanafunzi wengi wamemjua kwanza kupitia tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969, na maneno ya mhusika wa jukwaani huingia kwenye kadi kana kwamba ni ushahidi wa mwaka 1905. Tamthiliya ni kazi ya sanaa. Kadi ya historia ichukue kilichomo katika kitabu cha historia.

Takwimu nazo zisiachwe uchi. Vyanzo vya Wajerumani vilitaja vifo vya Waafrika vipatavyo 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kadi iulize kwa nini tarakimu hizo zimeachana namna hiyo. Jibu linampeleka mwanafunzi kwenye njaa: majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, na waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi, nao ndio wagumu kuhesabiwa.

Kadi zikishaandikwa, ziwekewe ratiba. Mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 utaratibu wa boksi lenye vyumba, na boksi la viatu lenye vyumba vitatu linatosha. Kadi zote huanza chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Inayojibiwa sawasawa husogea chumba cha pili, kinachofunguliwa kila baada ya siku tatu, kisha cha tatu, mara moja kwa wiki. Inayokosewa hurudi mwanzo, hata kama ilikuwa imefika mwisho. Jibu litamkwe kwa sauti au liandikwe kabla ya kugeuza. Kusema moyoni "hii naijua" ni njia ya haraka ya kujidanganya. Kadi zichanganywe kila mara, maana mpangilio usiobadilika hufundisha mpangilio tu.

Dalili za kwamba kadi zimeanza kugeuka kasuku zinaonekana bila mwalimu. Ya kwanza ni jibu kutoka kabla swali halijamalizwa kusomwa: jicho limelitambua doa la chai au neno la kwanza, si swali. Ya pili hujitokeza mwenzake anapouliza jambo lilelile kwa upande mwingine. Aliyezoea "Mahenge ilishambuliwa lini?" aulizwe, "Mwishoni mwa Agosti 1905 vita vilikuwa vimefika wapi?" Akinyamaza, kadi imechakaa hata kama karatasi ni mpya. Dawa ni kuiandika upya kwa swali jingine. Kuirudia mara ishirini zaidi hakutasaidia.

Mara moja kwa wiki kadi zitoke kwenye boksi na kumwagwa mezani. Mwanafunzi huchota tano bila kuchagua, huzipanga kwa wakati, kisha hueleza kwa sentensi moja jinsi kila moja inavyozaa inayofuata au kwa nini haiizai. Tuseme zimetoka pamba ya 1902, akida, Nandete, kunyongwa kwa Kinjeketile na njaa. Nne za kwanza zinafuatana bila taabu. Kuruka kutoka Kinjeketile hadi njaa, hata hivyo, kunamlazimisha kujaza pengo lisilo na kadi mezani: vita vilisambaa kusini, Wajerumani wakashindwa kuvizima kwa mapigano peke yake, wakageukia kuharibu chakula. Pengo ambalo mtu hawezi kulijaza ndilo linaloonyesha kadi gani iandikwe kesho. Halafu kadi zinarudishwa, na aya moja inaandikwa kwa mkono, bila kuchungulia, kujibu swali la mtihani uliopita.

Zoezi hili la mezani linachosha kuliko kupitia boksi, na ndilo wengi huliruka. Kuliruka ni kosa, kwa kuwa kadi haiwezi kubeba hoja yenye hatua nne wala kumfundisha mtu kupanga insha. Haiwezi pia kuchukua nafasi ya ramani. Kwa Maji Maji, kadi moja yenye mchoro mtupu wa kusini mwa Tanzania, ya kujaza Ngarambe, Nandete, Mahenge na Songea, ina thamani kuliko kadi kumi za majina. Mada nzima hii haihitaji zaidi ya kadi 15 au 20. Mwanafunzi mwenye kadi 60 za Maji Maji amenakili kitabu, na muda alioutumia kukata karatasi ungetosha kuandika insha mbili.