Maambukizi ya kibofu cha mkojo kwa wanawake

Maambukizi ya kibofu cha mkojo ni ugonjwa unaoletwa na bakteria wanaopanda hadi kibofuni kupitia mrija wa mkojo. Mara nyingi bakteria hao ni E. coli, ambao kwa kawaida huishi utumbuni. Mrija wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, na tundu lake liko karibu na njia ya haja kubwa. Ndiyo maana wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Watu wengi huuita ugonjwa huu UTI, ingawa jina hilo hujumlisha pia maambukizi ya figo.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 25, asiye mjamzito. Tangu jana mkojo unamchoma, anakwenda msalani kila baada ya muda mfupi na kutoa matone tu, na tumbo linamuuma chini ya kitovu. Hana homa, wala hatokwi na uchafu ukeni. Dalili hizi zinaelekeza kwenye kibofu. Kama angekuwa na muwasho au uchafu ukeni, ingefaa kwanza kuchunguza fangasi au magonjwa ya zinaa, ambayo pia hufanya mkojo uchome.

Anywe maji kiasi cha kufanya mkojo uwe na rangi hafifu, na asiubane. Maji hupunguza ukali wa mkojo na kusukuma nje baadhi ya bakteria, lakini peke yake si dawa ya kutegemewa. Faida yake iliyo wazi zaidi ni kinga: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wanawake waliozoea kunywa maji kidogo na kuugua mara kwa mara waliongeza lita 1.5 kwa siku, na maambukizi yao yakapungua karibu nusu. Madafu hayana nguvu ya pekee hapa. Kahawa, chai kali, soda na pombe huweza kuzidisha hamu ya kukojoa, basi ni afadhali kuziacha kwa siku hizo. Kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni huua bakteria walinzi.

Baadhi ya wanawake hupona bila antibiotiki, ila dawa huharakisha nafuu na hupunguza hatari ya bakteria kufika kwenye figo. Mgonjwa wetu anaweza kuandikiwa nitrofurantoini kwa siku 5. Asimeze vidonge vilivyobaki nyumbani: huenda si vya bakteria hao, na dozi pungufu huacha wale sugu.

Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni huonyesha kwamba figo zimeguswa. Hapo aende hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito hutibiwa hata asiposikia maumivu, bakteria wakionekana kwenye kipimo, kwa dawa inayofaa umri wa mimba. Dalili zisipopungua baada ya siku 2 au 3 za dawa, mkojo huoteshwa maabara ili kujua ni dawa ipi inayowaua bakteria hao.