Kifundo Kilichoanguka na Mkono wa Makucha: Namna ya Kupata Mahali Neva Ilipojeruhiwa

Katika mitihani ya anatomia, swali la neva za mkono huja karibu kila mara kwa sura moja. Mtahiniwa huelezwa kiganja cha mgonjwa kilivyo, kisha huulizwa jeraha liko wapi. Wengi hukariri jozi mbili: kifundo cha mkono kilichoanguka ni neva ya radiali, na mkono wa makucha ni neva ya alna. Jozi hizo si za uongo, lakini zinajibu nusu ya swali. Zinataja neva bila kutaja mahali, na neva moja inaweza kujeruhiwa shingoni, kwapani, kwenye mkono wa juu au kiwikoni. Kwa mgonjwa, mahali hapo ndipo panapoamua kama atasubiri apone au atapelekwa mapema kwa daktari wa upasuaji.

Mtandao wenyewe

Neva zinazohudumia mkono hutoka kwenye uti wa mgongo katika mizizi mitano: minne ya chini ya shingo, yaani C5, C6, C7 na C8, na mmoja wa juu kabisa wa kifua, T1. Mizizi hii huungana upande wa shingo na kufanya mashina matatu, la juu, la kati na la chini. Mashina hupita nyuma ya mtulinga, hugawanyika, kisha huungana upya kwapani kuwa kamba tatu. Kutoka katika kamba hizo ndipo hutoka neva zenye majina tunayoyafahamu. Mtandao huu wote huitwa pleksasi ya brakia.

Kwa maswali yetu mawili, mambo mawili yatosha kukumbukwa. Kamba ya nyuma hutoa neva ya radiali, inayonyoosha kiwiko, kifundo na vidole, na pia neva ya aksila, inayohudumia msuli wa deltoidi begani. Shina la chini, linalotokana na C8 na T1, hubeba nyuzi za karibu misuli yote midogo ya kiganja. Nyuzi hizo hufika kiganjani kwa njia mbili, nyingi kupitia neva ya alna na chache kupitia neva ya mediani.

Kifundo kilichoanguka

Misuli inayoinua kifundo ikipooza, kiganja huning'inia mgonjwa anaponyoosha mkono mbele. Hapo neva ya radiali imeguswa. Swali linalofuata ni hili: tawi gani la juu kabisa bado liko hai? Neva huacha matawi yake njiani kwa mpangilio, kama daladala inayoshusha abiria kituo baada ya kituo. Abiria aliyekwisha kushuka haathiriki na ajali inayotokea mbele.

Chukua mfano wa abiria wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa mkono wa juu katikati. Hapo neva ya radiali imelala karibu kabisa na mfupa, katika mfereji unaouzunguka kwa nyuma. Matawi makuu ya msuli wa trisepsi yamekwisha kutoka juu ya hapo. Kwa hiyo mgonjwa huyu ananyoosha kiwiko vizuri, lakini hawezi kuinua kifundo, na ana ganzi nyuma ya kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada.

Mgonjwa wa pili ametembea kwa wiki kadhaa akiegemea magongo yaliyo marefu mno, yanayombana kwapani. Kifundo chake kimeanguka vilevile, lakini kunyoosha kiwiko nako kumedhoofu, kwa kuwa neva imebanwa kabla ya matawi ya trisepsi. Wa tatu hawezi kufanya hayo mawili, na zaidi ya hayo hawezi kuinua mkono kwa upande, na ngozi ya nje ya bega lake ina ganzi. Deltoidi haihudumiwi na neva ya radiali. Njia fupi ya kueleza upungufu huo wote kwa jeraha moja ni kwamba liko juu zaidi, katika kamba ya nyuma ya pleksasi. Viganja vitatu vinafanana, lakini majeraha yako mahali patatu.

Kuna mtego mmoja unaowanasa watahiniwa na wahudumu pia. Mgonjwa ambaye kifundo chake kimeanguka hushindwa kukamata kwa nguvu na kutawanya vidole, na mpimaji hudhani neva ya alna nayo imejeruhiwa. Sababu si hiyo. Misuli ya kufumba na kutawanya vidole haifanyi kazi ipasavyo kifundo kikiwa kimekunjika. Laza kiganja cha mgonjwa juu ya meza, kifundo kikiwa kimenyooka, kisha mwombe atawanye vidole. Nguvu zikirudi, neva ya alna ni nzima.

Mkono wa makucha

Misuli midogo ya kiganja ina kazi mbili kwa wakati mmoja: hukunja vidole kwenye viungo vya shina lake na huvinyoosha kwenye viungo vya mbele. Ikipooza, misuli mirefu ya kigasha hubaki bila mpinzani. Ile ya nyuma huvuta shina la kidole kwenda nyuma, na ile ya mbele hukunja ncha. Kidole huchukua umbo la ukucha.

Neva ya alna peke yake ikikatika, makucha huonekana kwenye kidole cha pete na kidogo, kwa kuwa vidole vya shahada na kati bado vina misuli yao midogo inayohudumiwa na neva ya mediani. Hapa pana jambo linalowashangaza wanafunzi. Neva ikikatika kifundoni, makucha huwa makali. Ikikatika kiwikoni, ambapo jeraha ni kubwa zaidi, makucha hupungua. Sababu ni kwamba jeraha la kiwikoni hupooza pia msuli mrefu unaokunja ncha za vidole hivyo viwili, na bila msuli huo hakuna wa kufanya ukucha. Ndiyo maana mgonjwa aliyejeruhiwa kiwikoni anaweza kuona makucha yakizidi wakati neva inapoanza kupona. Aelezwe hivyo mapema, asije akadhani anaharibikiwa.

Makucha yakiwa kwenye vidole vyote vinne, jozi ya kukariri haitoshi tena. Hapo neva za alna na mediani zimejeruhiwa zote mbili, au jeraha liko mahali ambapo nyuzi zao bado ziko pamoja, yaani shina la chini au mizizi yake. Hali hii ya pili hubeba jina la Augusta Klumpke, aliyeieleza mwaka 1885 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Paris.

Swali moja hatua kwa hatua

Mkwezi wa minazi aliteleza na, katika kuanguka, akadaka kuti kwa mkono wa kulia. Mwili ulivutwa chini na mkono ukabaki juu. Wiki sita baadaye vidole vinne vya kulia vina umbo la makucha. Hawezi kuinua kidole gumba kutoka kwenye usawa wa kiganja. Ana ganzi kwenye kidole kidogo na upande wa ndani wa kigasha hadi karibu na kiwiko. Ukope wa jicho la kulia umelegea na mboni yake ni ndogo kuliko ya kushoto. Kifundo anakiinua vizuri. Jeraha liko wapi?

Tuanze na lililo zima. Kifundo kinainuka, hivyo neva ya radiali inafanya kazi. Kisha kidole gumba: kukiinua hivyo ni kazi ya neva ya mediani, basi jeraha si la alna peke yake. Kisha ngozi: ganzi ya neva ya alna huishia karibu na kifundo. Ngozi ya ndani ya kigasha ina neva yake, inayotoka moja kwa moja kwenye kamba ya ndani kwapani. Ganzi iliyovuka kifundo na kupanda juu hutuambia tutafute kwapani au shingoni. Mwisho ni jicho. Nyuzi zinazopanua mboni na kusaidia kuinua ukope hutoka kwenye uti wa mgongo pamoja na mzizi wa T1, na huachana nao karibu kabisa na uti. Jicho likiathirika, jeraha liko hapo mwanzoni, kwenye mizizi yenyewe, na huenda mzizi umeng'oka. Jibu ni mizizi ya chini ya pleksasi, hasa T1.

Tahadhari moja kwa wahudumu. Mzizi wa C8 ukiwa umekatika kabisa pamoja na T1, misuli mirefu ya kukunja vidole nayo hupooza, na kiganja huwa bapa badala ya kuwa na makucha. Kukosekana kwa makucha hakuondoi jeraha la shina la chini. Vilevile, si kila makucha hutoka kwenye pleksasi. Ukoma hupenda kushambulia neva ya alna juu kidogo ya kiwiko. Papasa neva hiyo nyuma ya kiwiko, linganisha pande mbili, na ukiikuta imenenepa, chunguza ngozi ya mwili mzima kutafuta mabaka yenye ganzi.

Kwa nini mahali ni muhimu kwa mgonjwa

Neva iliyokatika huota upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, wakati msuli usio na neva hudhoofu na baada ya takriban mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hauwezi tena kurudishwa kazini. Abiria wa bodaboda ana safari fupi kutoka katikati ya mkono hadi misuli ya kwanza ya kigasha, na mfupa ukiwa umevunjika bila kutoboa ngozi, wengi hupona bila kupasuliwa. Afungwe banzi linaloinua kifundo, vidole vinyooshwe kila siku visikakamae, na apimwe tena. Ikiwa baada ya miezi mitatu hadi minne hakuna dalili ya kurudi, apelekwe kwa mtaalamu.

Kwa mkwezi wetu, kutoka shingoni hadi misuli ya kiganja ni kiasi cha sentimita 60, yaani siku 600 au zaidi, na mzizi uliong'oka hauoti wenyewe. Yeye hapaswi kuambiwa asubiri. Apewe rufaa mara dalili za jicho au ganzi ya kigasha zinapoonekana, kwa kuwa upasuaji wa kuhamisha neva au kano hufaa zaidi ukipangwa mapema. Nyumbani ajihadhari na sufuria na chai ya moto kwa mkono huo, kwa maana ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.