Keki ya Tui kwa Watoto Kumi

Mwanao anatimiza miaka 7. Watoto watakuwa kumi, naye akiwamo, na mama wa mmoja wao amekudokeza kwamba mwanawe hapatani na maziwa. Wengi hapo huamua kumwandalia mtoto huyo sahani yake peke yake. Hiyo ni kazi mara mbili, tena haimlindi, kwa sababu watoto hugawana vitafunwa na kubadilishana sahani. Nafuu ni kupika chakula kimoja kisicho na maziwa, wote wale. Kwa mpishi aliyezoea nazi, hilo si zito.

Kwanza mpigie simu mama yake: "Dada, akinywa maziwa anapatwa na nini hasa?" Akijibu kwamba tumbo hujaa gesi, linamsokota na mtoto anaharisha, huenda shida ni laktosi, yaani sukari iliyomo ndani ya maziwa. Utumbo wake hautoi kimeng'enya cha kutosha kuivunja, basi sukari hiyo inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachua na gesi inajaa. Ni mateso ya saa chache. Lakini akikutajia vipele, midomo kuvimba au kupumua kwa shida, hiyo ni aleji ya protini ya maziwa. Hapo hata chembe inaweza kuwa hatari, na kila kiungo unachotaka kutumia mpitishe mama huyo kwanza.

Tuseme ni laktosi, na sherehe ni Jumamosi saa kumi alasiri. Chakula kinachotosha ni mishikaki 20 ya kuku, inayotoka kwenye kilo moja ya minofu. Chipsi za kilo mbili za viazi. Sambusa 20 za nyama. Sahani kubwa ya tikitimaji na nanasi. Na lita tatu za juisi ya ukwaju au embe. Kuku mroweke kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, usitie mtindi. Badala ya aiskrimu, siku moja kabla gandisha barafu za embe lililosagwa na tui kidogo.

Keki ndiyo inayowatia watu wasiwasi, kumbe tui linachukua nafasi ya maziwa na mafuta ya kupikia yanachukua nafasi ya siagi. Chekecha pamoja vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vidogo viwili na nusu vya bekingi pauda, chumvi kidogo na iliki. Kwenye bakuli jingine piga mayai matatu na kikombe kimoja cha sukari mpaka yawe meupe na mazito, kisha mimina nusu kikombe cha mafuta na kikombe kimoja cha tui zito. Tui lisitoke moja kwa moja kwenye friji, maana mafuta yake huganda na kuacha mabonge. Tia unga, changanya mpaka usiuone tena, halafu acha hapo hapo. Ukiendelea kupiga, keki itakuwa ngumu kama mkate.

Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 40 hivi. Kama huna oveni, tumia sufuria yenye makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Chomeka kijiti katikati: kikitoka kikavu, imeiva. Ikishapoa kabisa, koroga sukari ya aisingi na maji ya ndimu hadi iwe nzito, umwagie juu. Ukikata vipande 12, viwili vinabaki kwa wakubwa.

Maziwa huingia kwa mlango wa nyuma, yaani kwenye vitu vya dukani. Baadhi ya majarini yametiwa maziwa, na vivyo hivyo soseji, biskuti, chokoleti na mikate laini. Soma orodha ya viungo ukitafuta unga wa maziwa, laktosi au maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Hata tui la unga la pakiti mara nyingi huwa na protini ya maziwa. Kwa mtoto wa laktosi kiasi hicho kwa kawaida hakina neno, ila kwa mwenye aleji kuna nazi nzuri sokoni: ikune kwa mbuzi, uikamue mwenyewe.

Linabaki jambo la wageni wanaokuja na zawadi. Shangazi akiingia na ndoo ya aiskrimu, ipokee kwa shukrani na uitie kwenye friza hadi watoto waondoke. Chokoleti nazo zifunge kwenye mifuko ya kwenda nazo nyumbani, na ule wa mtoto huyu utie ubuyu badala yake.