Bluu ya Simu, Zambarau ya Karatasi

Bibi harusi mmoja alinitumia picha ya gauni jekundu alilolipenda, akaniomba nilibadilishe liwe bluu, ile bluu ya kuwaka, kwa ajili ya wapambe wake 6. Aliiona kazi kwenye simu, akairidhia. Kisha akaiprinti kwenye duka la steshenari mtaani kwake na kumpelekea fundi. Fundi akaenda nayo Kariakoo, akarudi na mita 18 za satini ya zambarau. "Mwanangu, nimenunua rangi uliyonipa," mama yule alisema, akaitandaza karatasi juu ya kitambaa. Na kweli vilifanana.

Fundi hakukosea, na printa ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimpa mteja rangi ambayo karatasi haina uwezo wa kuibeba.

Skrini ya simu inatoa mwanga wake yenyewe. Kila nukta yake ina vitaa vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Ile bluu kali inapatikana kwa kuzima viwili na kukiwasha cha bluu hadi mwisho. Karatasi haiwaki. Inarudisha tu mwanga unaoiangukia, na kazi ya wino ni kumeza sehemu ya mwanga huo. Tena printa ya kawaida haina wino wa bluu. Ina sayani, yaani samawati inayoelekea kijani, ina majenta, yaani pinki iliyokolea, pamoja na njano na nyeusi. Ikitaka bluu, inachanganya sayani na majenta, na majenta ikikaribia kulingana na sayani, jicho linaona zambarau. Baadaye niliifungua ile picha kwenye Photoshop nikaigeuza kuwa CMYK. Bluu iliyokuwa 0, 0, 255 ikawa sayani asilimia 88 na majenta asilimia 77. Zambarau ilikuwa imeshaandikwa humo kabla karatasi haijaingia kwenye printa.

Kijani cha kuwaka na chungwa kali nazo hufifia zikichapwa. Maruni, kahawia na krimu hazisumbui sana.

Siku hizi naanza na kitambaa. Mteja ananunua robo mita, au anaomba kipande dukani, kisha ndipo ninapoigeuza rangi ya gauni kukifuata kile kipande. Mwenye kutaka bluu isiyopatikana kwenye kitambaa chochote hugundua hilo mapema, kabla hajalipia mita 18.

Kabla ya kuhariri, napunguza mwanga wa skrini hadi karatasi nyeupe iliyolala kando ya simu isionekane chafu ikilinganishwa na nyeupe ya skrini. Nazima pia ile hali ya usiku inayoipa skrini umanjano, na ile inayokoleza rangi kuliko zilivyo.

Halafu nachapa kipimo. Nachora visanduku 5 vya bluu kwenye ukurasa mmoja: 0, 0, 255, halafu 0, 30, 220, 0, 50, 200, 0, 70, 180, na 0, 90, 160. Chini ya kila kimoja naandika namba zake. Ukurasa huo unachapwa kwenye printa ileile na karatasi ileile itakayotumika kwa picha ya fundi. Kisha natoka nao nje, kivulini, nikiwa na kipande cha kitambaa. Kwa yule bibi harusi, kisanduku cha kwanza kilikuwa zambarau tupu, cha pili kilikuwa bado na uzambarau, na cha tatu ndicho kilichokaribiana na satini tuliyoipata. Gauni lote nikalipaka kwa namba hizo. Kwenye simu lilionekana limepoa, na mteja akasita hadi alipoiona karatasi.

Kutoka nje kuna sababu. Wino wa karatasi na rangi ya kitambaa havimezi mwanga kwa namna moja, hivyo vinaweza kulingana chini ya taa ya duka na kuachana mlangoni. Satini inazidisha utata kwa sababu inang'aa, na ukiigeuza kidogo inaonekana imekolea au imepauka. Ilaze ukiitazama kutoka juu, jinsi unavyoitazama karatasi.

Hata kipimo kikifanyika vizuri, karatasi haitakuwa satini. Kwa hiyo picha anayopelekewa fundi sasa ina kipande cha kitambaa cha sentimita 5 kilichobanwa kwa stepla pembeni, na chini yake nimeandika kwa kalamu: rangi ni hii, picha ni ya mshono. Na steshenari wakibadilisha tona au aina ya karatasi, visanduku vyangu 5 vinachapwa upya.