Ukurasa ukikawia kufunguka Kasongo, kosa si la rezo kila mara

Mtu wa Kabambare anafungua ukurasa, skrini inabaki nyeupe, na neno la kwanza linalotoka ni lile lile: "Rezo iko mbaya leo." Pengine ni kweli. Lakini pengine ukurasa wenyewe njo unakula muda wake na mega alizonunua, na anayeutunza, akikaa mjini penye rezo ya nguvu, hawezi kuona ule ugonjwa.

Chombo cha kuonyesha kosa liko wapi kimo tayari ndani ya Chrome na Firefox za ordinateri. Kwenye simu hakipatikani kwa urahisi, kwa hiyo watu huunganisha ordinateri na simu ile ile inayoleta rezo. Bonyeza `F12`, ingia kwenye `Network` (kwa Kifaransa imeandikwa `Réseau`), tia alama kwenye `Disable cache`, kisha `Ctrl+R`. Ile alama inalazimisha ukurasa uje wote upya, kama kwa mgeni. Basi kila ukirudia, mega zinalipwa tena. Ukimaliza, iondoe.

Kila mstari unaotokea ni faili moja, na mkanda wa rangi upande wa kuume unaonyesha muda wake. Kwenye Chrome, ukibonyeza mstari na kufungua `Timing`, muda ule unagawanyika. Sehemu mbili zinatosha kwa kuanza: `Waiting` ni muda wa kungojea seva ianze kujibu, na `Content Download` ni muda wa faili yenyewe kuteremka.

Tuseme chama cha wakulima wa Kasongo kina ukurasa wa bei ya mpunga. Mnunuzi anautaka kabla ya kupakia magunia, lakini skrini inabaki nyeupe karibu nusu dakika. Wengi wataikimbilia picha ya gunia, `gunia.jpg`, kwa sababu inaonyesha megabaiti 3.8. Kwenye rezo inayopitisha kilobaiti 100 kwa sekunde, picha ile inateremka kwa sekunde 38. Ni nzito, ndiyo. Ila picha haizuii maandishi kuonekana. Yenyewe inaendelea kuteremka huku mtu anasoma bei.

Mstari wa kwanza, ule wa ukurasa wenyewe, una `Waiting` ya sekunde 4.1. Ni seva ao ni njia? Hapa kuna kipimo kizuri: tafuta faili ndogo ya seva ile ile, kwa mfano `logo.png` ya kilobaiti 6. Faili kama hiyo seva haina kazi ya kuipika, inaitoa tu. Ikiwa `Waiting` yake ni sekunde 0.6, ile 0.6 njo bei ya safari, na sekunde 3.5 zinazobaki ni seva inayohangaika kutunga ukurasa. Ingekuwa njia mbaya, logo nayo ingengoja.

Ile 0.6 yenyewe si ajabu kwetu. Minara mingi ya vijijini Kongo inapata rezo kwa setilaiti, na setilaiti za zamani ziko juu karibu kilomita 36,000. Swali kupanda na kushuka, jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde hata kama seva inajibu papo hapo. Hapo hakuna fundi wa kurekebisha.

Lakini sekunde 4.1 bado si nusu dakika. Mwizi mwenyewe yuko kwenye mstari mdogo unaopitwa na macho: `hesabu.js`, faili ya kuhesabu wageni, inayotoka kwenye seva ya watu wengine. Imekaa `(pending)` sekunde 21, kisha ikaandika `(failed)`. Seva ile haikujibu kabisa. Na kwa kuwa iliitwa juu kabisa ya ukurasa, ndani ya `head`, Chrome ilisimama kuingoja kabla ya kuonyesha herufi hata moja. Faili isiyoleta hata baiti moja njo iliyofunga mlango.

Dawa yake ni neno moja, `async`:

```html
<script async src="https://seva-ingine.example/hesabu.js"></script>
```

Sasa maandishi yanatokea baada ya sekunde tano hivi, hesabu ya wageni ije ao isije. Picha ikapunguzwa upana kutoka pikseli 4000 za simu mpaka 1000, uzito unaweza kushuka mpaka kilobaiti 150, yaani sekunde moja na nusu. Ile 3.5 ya seva inabaki, na ni ya kupelekwa kwa fundi wa seva.

Asiyetunza ukurasa naye anaweza kusaidia: apige picha ya ile orodha ya `Network`, aandike saa na mahali, aitume kwa mwenye ukurasa. Ila asitume faili ya HAR ovyo, kwa sababu inaweza kubeba siri za kuingilia akaunti yake.